MITHALI SI MSHAHARA, WALA SI USHAHIDI



Mwezi umekwisha, mshahara haujaonekana, na kwenye ubao wa matangazo karibu na lango mwajiri amebandika karatasi yenye maneno matatu: "Mvumilivu hula mbivu." Hakuna tarehe, hakuna sababu, hakuna sahihi. Hatutasema karatasi ya namna hiyo imebandikwa wapi, maana mwenye tabia hiyo si mwajiri mmoja tu katika nchi hii yetu ya kati ya Bungoma na Kitale. Twauliza neno moja: karatasi hiyo yajibu swali gani? Mfanya kazi ameuliza atalipwa lini, naye ameambiwa kwamba subira ni jambo jema. Hajajibiwa. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kisemacho kwamba mshahara wa mwezi hudaiwa mwezi unapokwisha, kimefunikwa kwa maneno ya wahenga kama chungu kinavyofunikwa kwa kawa.

Tangazo la haki lingesema hivi: "Mshahara wa Machi haukulipwa tarehe 31. Utalipwa tarehe 7 Aprili. Mwenye swali amwone karani wa mishahara." Tarehe 7 ikipita bila fedha, chama kina kitu cha kushika mkononi, kwa sababu mwajiri ameahidi kwa maandishi na ahadi ameivunja. Lakini "Mvumilivu hula mbivu" haiwezi kuvunjwa, maana haikuahidi kitu. Hata mwaka ukipita, mwajiri atasema bado twavumilia, bado zinaiva.

Hilo la waajiri ni jepesi kulisema, nanyi mmekwisha kupiga makofi. Sasa twawageukia wenzetu. Barua zinazoletwa katika ofisi ya tawi hapa Matulo, nyingi zimejaa ugonjwa ule ule. Mwenzetu ana haki tele, ana mashahidi, ana karatasi, lakini barua yake yote ni mithali tano na methali ya sita ya kufungia. Twasema wazi: mithali katika barua ya kudai haki ni hasara kwa mwenye haki, na yafaa iondolewe kabla barua haijatiwa sahihi.

Tusieleweke vibaya. Hatumfuati karani yule aliyesoma kidogo akaona kwamba kila neno la wazee ni ushamba. Mithali ina mahali pake, napo ni pale ambapo watu tayari wanalijua jambo na kinachotakiwa ni kuwaunganisha mioyo. Katika mkutano, msemaji akisema "Kidole kimoja hakivunji chawa," mia mbili wanajibu pamoja naye kabla hajamaliza. Juu ya tangazo la mchango wa rambirambi andika "Haba na haba hujaza kibaba," hakuna ubaya, ingawa kibaba ni kipimo cha pwani, vinne vyafanya pishi moja, na wengi wetu huku hatujawahi kukiona: sisi twapima mahindi kwa gorogoro na debe. Twafahamu maana. Lakini chini ya mithali hiyo iandikwe ni shilingi ngapi, zipelekwe kwa nani, na mwisho ni siku gani. Mithali ni kofia ya tangazo. Kofia haivaliwi na mtu asiye na suruali.

Tena si kila fumbo la maneno ni la kutupwa. Kiswahili kina semi ambazo zimekwisha kuwa jina la kazi yenyewe. Twasema "kupiga kura," ingawa hakuna anayempiga mtu; twasema "kutia sahihi" na "kuvunja mkataba." Hakuna neno jingine lililo wazi kuliko hayo, na atakayejaribu kuyaondoa atatuletea maneno asiyoyaelewa mtu. Au tazama msemo "usiku wa kuamkia." Mtu wa zamu ya usiku akiandika "usiku wa tarehe 14," mmoja atasoma usiku unaoanza baada ya jua la tarehe 14 kuchwa, na mwingine, kwa hesabu ya wazee wa Kiswahili ambao siku yao huanza jua likichwa, atasoma usiku uliotangulia. Lakini "usiku wa kuamkia tarehe 15" ni usiku mmoja tu, hauna mpinzani. Msemo huo na ukae, kwa kuwa unafunga jambo badala ya kulifungua.

Linganisha na msemo mwingine unaopendwa sana katika nchi yetu: "Amepigwa kalamu." Au: "Unga umemwagika." Barabarani kila mtu anaelewa: mtu amepoteza kazi. Lakini barua ikija ofisini imeandikwa "Tarehe 3 nilipigwa kalamu," sisi hatujui la kufanya, maana kuna kalamu nne. Huenda amesimamishwa tu mpaka shauri lake lichunguzwe; huyo bado ni mfanya kazi. Huenda ameachishwa kwa notisi. Wa mshahara wa mwezi basi ana haki ya notisi ya siku 28 chini ya Kifungu cha 35, au malipo badala yake. Huenda amefukuzwa papo hapo kwa kosa kubwa, chini ya Kifungu cha 44. Au huenda hana kosa lo lote, ila kazi imepungua. Hapo Kifungu cha 40 chataka chama na afisa wa kazi wapewe notisi ya mwezi mmoja kabla, na mfanya kazi alipwe siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Hizo ni njia nne, na kila moja ina dai lake. Msemo mmoja umezifunika zote. Anayetaka tumsaidie na aandike ni ipi kati ya hizo nne, na kama hajui, aandike maneno yaliyokuwa katika barua aliyopewa, neno kwa neno.

Sasa tuchukue mfano mzima, ili isidhaniwe twapigana na kivuli. Barua hizi tumezitunga sisi wenyewe, lakini atakayezisoma atazitambua. Msimamizi wa zamu amwandikia mfanya kazi tarehe 16 Machi:

"Imefika masikioni mwetu kwamba una tabia ya kupiga chenga kazini. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Siku za mwizi ni arobaini. Jieleze kwa maandishi kwa nini usipigwe kalamu."

Itazameni vizuri. Ameshtakiwa nini? "Kupiga chenga" ni kuchelewa, au kuondoka mapema, au kulala nyuma ya ghala? Ni siku gani? Nani aliona? Mithali ya kwanza imefanywa ushahidi: kwa kuwa watu wanasema, basi ni kweli. Mithali ya pili imemwita mtu mwizi, na hakuna kitu kilichosemwa kuwa kimeibwa. Sheria haikubali hivyo. Kifungu cha 41 chamtaka mwajiri amweleze mfanya kazi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kutaka kumwachisha kwa utovu wa nidhamu, tena mbele ya mfanya kazi mwenzake au mwakilishi wa chama amtakaye, na awasikilize wote wawili kabla ya kukata shauri. Kifungu cha 43 chamtaka athibitishe sababu hiyo. "Lugha anayoielewa" haina maana ya kwamba ni Kiswahili basi imetosha. Fumbo la Kiswahili halijaeleza kosa, hata kwa Mswahili wa Lamu. Sembuse kwa kijana wa Kiturkana au wa Kisabaot aliyejifunza Kiswahili shuleni na mitaani Kitale!

Basi mwenzetu, badala ya kumbana msimamizi hapo, naye ashika kalamu amjibu kwa mithali:

"Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Nimevumilia mengi katika kampuni hii. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nawajua wanaonichongea. Nyani haoni kundule. Naomba mnihurumie kwa maana maji yakimwagika hayazoleki."

Ndugu, barua hiyo ni kamba aliyojifunga mwenyewe. "Kuteleza si kuanguka" ni kukubali kwamba aliteleza. "Maji yakimwagika hayazoleki" ni kukubali kwamba maji alimwaga yeye. Hakukusudia kukiri, alikusudia kuandika kwa adabu, kwa unyenyekevu, kama mtu mzima. Lakini faili haina masikio ya kusikia makusudio. Siku shauri likifika mbele, wakili wa mwajiri atasoma mstari wa kwanza na kusema: mfanya kazi alikiri kosa. "Kikulacho ki nguoni mwako" imewashuku wenzake wote wa zamu bila kumtaja hata mmoja, na sasa nani atamtolea ushahidi? Na "Nyani haoni kundule" ndiyo mbaya kupita zote. Kifungu cha 44 chahesabu lugha ya matusi kwa mwajiri au kwa msimamizi kuwa kosa la kuweza kumfukuzisha mtu papo hapo. Aliingia na tuhuma moja isiyo na kichwa wala miguu. Ametoka na kosa jipya lenye sahihi yake.

Tazameni sasa barua iliyo wazi:

"Kwa Msimamizi wa Zamu. Kuhusu barua yako ya tarehe 16 Machi. Nakusalimu kwa heshima. Barua yako haikutaja kosa, siku wala saa. Naomba nijulishwe kwa maandishi. Ikiwa wakusudia usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi, maelezo yangu ni haya. Niliingia kazini tarehe 14 saa nne usiku. Saa nane usiku mwenzangu aliumia kidole, na nyapara wa zamu akaniagiza nimpeleke hospitali. Nilirudi saa kumi na moja alfajiri, nikaendelea na kazi mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Nyapara huyo ni shahidi wangu, pamoja na mlinzi wa lango aliyeandika kutoka kwangu na kurudi kwangu katika kitabu chake. Nakala ya karatasi ya hospitali iko pamoja na barua hii. Sikubali kwamba niliacha kazi bila ruhusa. Shauri hili likisikilizwa, naomba mwakilishi wa chama awepo pamoja nami."

Hakuna tusi, hakuna kulia, hakuna kujisifu. Kila sentensi yaweza kuulizwa "nani, lini, kwa ushahidi gani," nayo ikajibu. Msimamizi akitaka kuipinga, itambidi aende kwenye kitabu cha lango. Na hicho ndicho kipimo tunachowapa wanachama: ifute mithali kwa kidole, usome barua bila hiyo. Ikiwa hakuna kilichopungua, mithali ilikuwa pambo, iache nje. Ikiwa kuna kitu kimepungua, basi ulikuwa na neno la kusema ukalificha ndani ya mithali. Litoe, uliandike lenyewe. Aliyeandika "nimevumilia mengi" huenda alitaka kusema kwamba amefanya zamu za usiku majuma sita mfululizo bila kubadilishwa. Basi aseme majuma sita.

Iko mithali nyingine ambayo wawakilishi wetu huipenda hasa katika mashauri kama haya: "Mgala muue na haki yake umpe." Maana yake ni njema, kwamba hata adui apewe haki yake. Lakini Mgala ni nani? Ndilo jina watu wa pwani walilowapa Waoromo, jina ambalo wenyewe hawalikubali, na miongoni mwa Waoromo wako Waborana, raia wa Kenya kama sisi, wafanya kazi kama sisi. Chama kinachodai haki kwa kauli ya kuruhusu kabila fulani liuawe kimejikata mguu. Mahali pake andika: "Twadai asikilizwe kabla ya kuhukumiwa, kama Kifungu cha 41 kinavyoagiza." Ni kauli ile ile, nayo ina nguvu ya sheria.

Hatari kubwa zaidi iko katika notisi ya mgomo. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007, katika Kifungu cha 76, yataka mgogoro uwe umepitia usuluhishi bila kupatana, kisha notisi ya maandishi ya siku saba ipewe mwajiri pamoja na Waziri, na mjumbe wa chama aliyeidhinishwa. Notisi hiyo ni chombo cha sheria. Mtu akiifunga kwa maneno "Dawa ya moto ni moto," wenzake watacheka na kusema amewaweza. Lakini ifikirieni karatasi hiyo mbele ya hakimu, imetafsiriwa neno kwa neno kwa Kiingereza, na katika kiwanda hicho mna ghala la mbao au la makapi ya miwa. Nani atamshawishi hakimu kwamba moto huo ulikuwa wa maneno tu? Andika mgogoro ni upi, usuluhishi ulishindikana lini, kazi itasimama siku gani na saa ngapi, ni idara zipi, basi. Moto uache mkutanoni, nako pia uangalie mdomo wako.

Kuna mahali pamoja ambapo twakataza kinyume: usibadilishe hata herufi. Unapoandika maneno aliyoyasema mtu mwingine, yaandike kama yalivyotoka kinywani mwake. Nyapara akimwambia mfanya kazi, "Nenda chamani, utaona cha mtema kuni," usiandike "alinitisha." Kutisha ni hukumu yako, msemo wake ndio ushahidi. Andika siku, saa, mahali, nani alikuwapo, kisha maneno yake ndani ya alama za kunukuu, na baada yake sentensi moja ya maana: kwamba msemo huo maana yake ni utapata mateso. Hivyo mfasiri hatakosea, na nyapara hatapata nafasi ya kusema aliongea habari za kuni. Katibu wa mkutano naye afanye vivyo hivyo anapoandika ahadi ya mwajiri. Meneja akisema "Ahadi ni deni," yaandike, halafu mwulize pale pale: deni la shilingi ngapi, litalipwa siku gani? Jibu lake, au kunyamaza kwake, kuandikwe pia.

Wako watakaosema tunakausha Kiswahili, kwamba barua bila mithali ni barua isiyo na adabu, kama ya mtu anayeingia nyumbani bila hodi. Twawaheshimu wasemao hivyo, wengi wao ni wazee wetu. Lakini adabu ya barua iko katika salamu, katika "kwa heshima" na "naomba," katika kumtaja mtu kwa cheo chake. Hayo yote yamo katika barua tuliyoionyesha juu. Na barua ya pole kwa mjane wa mwenzetu, au ya kumuaga anayestaafu baada ya miaka thelathini, hiyo andikeni na mithali zote mzijuazo. Hapo hakuna wakili anayengoja pembeni, na neno la wahenga ni faraja. Barua ya kudai ina kazi nyingine. Mzee anayekwenda dukani kununua sukari hamwambii mwenye duka kwamba haba na haba hujaza kibaba. Anasema: kilo mbili.

Basi toka sasa, mwanachama atakayeleta barua ya kujieleza, ya malalamiko au ya madai katika ofisi ya tawi, aje na rasimu kabla hajatia sahihi. Tutaketi naye, tutapiga mstari chini ya kila mithali na kila fumbo, na kwa kila mstari tutamwuliza: hapa ulitaka kusema nini? Atakalolijibu kwa mdomo ndilo tutakaloliandika. Na karatasi za "Mvumilivu hula mbivu" zikibandikwa tena, wawakilishi wasizichane. Wazinakili pamoja na tarehe na mahali zilipobandikwa, kisha wamwandikie mwajiri kwa sentensi moja tu: "Mshahara wetu wa mwezi uliopita utalipwa tarehe gani?"